Mawakala wa tiketi, hiyo +1 mnaihesabu kutoka wapi?

Mwenye uzi:
Mama kasafiri Dar kwenda Montreal kupitia Doha. Wakala akatutumia ratiba kwa WhatsApp, mstari wa mwisho hivi: "Doha 11 AUG 01:55 – Montreal 07:55+1". Kaka yangu kule akasoma kama mtu yeyote angesoma: 11 jumlisha 1, tarehe 12. Akaomba ruhusa kazini ya tarehe 12. Mama katua tarehe 11 asubuhi! Hana laini ya kule, Kifaransa ndiyo usiseme, kakaa kwenye benchi analinda mabegi mpaka dada mmoja Mrundi akamwazima simu. Nimemfuata wakala ofisini, eti "mfumo ndio unatoa hivyo". Mfumo gani huo?

Jibu 1:
Pole mkuu. Ila +1 inatokana na tofauti ya saa. Bro alitakiwa aangalie saa za Kanada.

Jibu 2:
Tofauti ya saa siyo lazima. Dar na Doha saa ni moja, lakini ukitoka Dar saa nne usiku tiketi itaandika +1, kwa sababu saa sita usiku imekukuta angani.
Mama aliondoka Dar tarehe 10 jioni, siyo?

Mwenye uzi:
Ndiyo, 17:40.

Jibu 2:
Basi hapo wakala kachanganya. Muhtasari wa safari nzima unahesabu kutoka Dar: 17:40 mpaka 07:55+1, yaani 10 jumlisha 1. Ukikata kipande kwa kipande, kila kipande kinahesabu kutoka tarehe yake. Doha–Montreal inaondoka tarehe 11 na kufika tarehe 11, haina alama. Yeye kachukua tarehe ya kipande akaibandika alama ya muhtasari, siku ikahesabiwa mara mbili.
Pima kwa muda. Doha–Montreal ni kama saa 13. Toka 01:55, ongeza 13, unapata 14:55. Montreal Agosti iko nyuma ya Doha kwa saa 7: 07:55, siku ile ile. Ingekuwa tarehe 12, ndege ingekaa angani saa 37.

Jibu 3:
Kwa hiyo 07:55+1 siyo 08:55? 😳

Jibu 4:
Afadhali nyie. Shemeji yangu katoka Tokyo 00:05 tarehe 6 kwenda Honolulu, tiketi imeandika -1. Akadhani wamekosea, hoteli akalipia kuanzia tarehe 6. Kafika tarehe 5 mchana, usiku huo kalipa upya.

Jibu 1:
Bado nasema bro angepiga simu kuuliza.

Mwenye uzi:
Amuulize nani, na wakala ndiye kaandika? Tarehe ya kufika inaandikika kwa tarakimu mbili tu!
@Jibu 2, nisaidie ya kurudi. Montreal 20:30 tarehe 20, halafu Doha–Dar kaandika "01:20 – 07:20+2", kipande hicho hakikuwekwa tarehe kabisa. Nimpokee 22 au 23?

Jibu 2:
Kwa hesabu yangu 22. Ila kwa wakala huyo usiniamini mimi wala yeye. Ingia tovuti ya shirika la ndege kwa namba ya uhifadhi, usome tarehe ya kila kipande.