Hashitagi ngapi kwenye video fupi kabla haijaonekana takataka?

FundiArua: Habari zenu wapendwa. Nashona vitenge hapa Arua, narekodi video za sekunde 20 na kuzipandisha YouTube Shorts na TikTok. Ya jana ilikuwa gauni la mikono ya puto, nikaweka hashitagi 14, zikiwemo #fyp, #viral na #dubai. Mteja wangu wa siku nyingi akanipigia: "Dada, akaunti yako imeibiwa?" Iliniuma sana. Niweke ngapi?

BodaKampala: Weka tu, YouTube inaruhusu mpaka 60. Ukiweka chache utaonwa na nani?

MpigaPichaGulu: Ndugu, hiyo 60 ipo kweli, ila maana yake ni kwamba ukiipita YouTube inazipuuza zote. Haisemi uzijaze. TikTok kwenye simu yangu haipokei ya 6.

Dada, kwenye Shorts anachosoma mtu ni kichwa cha video, na kichwa kina nafasi ya herufi 100 tu. Hashitagi zikiingia humo zinakula nafasi ya bei na mahali ulipo. Ningeandika hivi:

```
Gauni la kitenge, shilingi 80,000, Arua #kitenge #fundi #arua
```

Hizo ni herufi 61, na tatu zinatosha: kitu, kazi, mji. TikTok ongeza moja ya mshono wenyewe, ziwe nne. #dubai ndiyo iliyomtia mteja wasiwasi, kwa sababu gauni liko Arua. Hata ungeweka mbili tu, hiyo ikiwa mojawapo bado ingenuka utapeli.

KukuBweyale: Mimi nauza vifaranga. Niliweka moja tu, #kuku, na bado watazamaji ni walewale 40. Au ni muziki?

MpigaPichaGulu: #kuku ni pana mno, unagombania nafasi na mapishi ya nchi nzima. Jaribu #vifaranga. Muziki ni habari nyingine, ufungulie uzi wake.

FundiArua: Asante kaka. Nimerudi kuangalia ile ya jana, nikaona niliandika "#mishono ya vitenge" nikiacha nafasi. Iliyogeuka buluu ni #mishono peke yake.

MpigaPichaGulu: Ndiyo, nafasi inaikata, na kistari pia. Andika #mishonoyavitenge. Kabla ya kuchapisha angalia rangi, kisha iguse ukishachapisha uone video gani zinatokea. Ukikuta nguo kama zako, umepatia.

MamaLira: Mimi nazificha kwenye maoni ya kwanza, maandishi yanabaki safi.

MpigaPichaGulu: Yanabaki safi kweli, mama. Kama zinafanya kazi sawasawa zikiwa huko, sijashawishika.

FundiArua: Nimerekebisha kichwa, nimeacha tatu. Sasa kuna linalonisumbua: wateja wangu wengi wanaongea Kilugbara. Kati ya hizo tatu, moja iwe ya Kilugbara, au nitapoteza wa Kampala?

BodaKampala: Wa Kampala watakupata kwa #kitenge. Lakini wenye Kilugbara waje watujibu.