Naomba ushauri: tambi ndizo zenye gharama ndogo kuliko sahani zote, je, ndizo niziweke mbele kwenye menyu mpya?

Jiko_la_Kona
Habari zenu wakuu. Nina mgahawa mdogo na niko mbioni kuchapisha menyu upya. Kabla sijaipeleka kwa mchapaji, nimekaa na mpishi tukapiga gharama ya kila sahani kuu, kuanzia nyama hadi mafuta, chumvi na limau la pembeni. Kodi, gesi na mishahara hazimo, ni malighafi tu. Sitaji sarafu. Nimegeuza hesabu zote ili bei ya kuku iwe 100, na nyingine zikafuata uwiano huohuo. Katika kila sahani 1,000 zinazouzwa, hali iko hivi:

Kuku wa kuchoma: bei 100, malighafi 42, zinatoka 380
Mchuzi wa nyama ya ng'ombe: bei 90, malighafi 36, zinatoka 260
Tambi za mboga: bei 60, malighafi 15, zinatoka 190
Minofu ya samaki: bei 150, malighafi 69, zinatoka 110
Mbavu za kondoo: bei 160, malighafi 80, zinatoka 60

Tambi zinakula robo tu ya bei yake, wakati mbavu zinakula nusu nzima. Nimefikiria kuziweka tambi juu kabisa, kwenye kisanduku chenye rangi, na kuwaambia wahudumu wazitaje kwanza. Mbavu nizitoe. Niko sawa?

Mara_Tatu
Uko sawa kabisa mkuu. Kanuni niliyofundishwa na mwajiri wangu wa kwanza ni kwamba malighafi isizidi theluthi ya bei. Gharama zidisha mara tatu, hiyo ndiyo bei yako. Hapo sahani inayofaulu ni tambi peke yake. Samaki asilimia 46, mbavu 50, huko ni kuwafanyia kazi wauza nyama na wavuvi. Sukuma tambi, na hizo nyingine upandishe bei.

Daftari_la_Mpishi
Ndugu yangu Jiko, usichapishe bado. Asilimia hailipi kodi. Kinacholipa kodi ni kile kinachobaki mezani baada ya kuondoa malighafi, kwa hiyo toa gharama kwenye bei, sahani moja moja.

Kuku anakuachia 58. Mchuzi 54. Tambi 45. Samaki 81. Mbavu 80.

Tambi ndizo za mwisho. Mteja aliyekuja kula kuku, ukimshawishi akala tambi, umepoteza 13, na amekaa kwenye kiti kilekile kwa muda uleule akihudumiwa na mtu yuleyule. Wakihama 50, umepoteza 650. Chukua sasa wateja 50 wa kuku wahamie samaki: kila mmoja anakuongezea 23, jumla 1,150, ingawa samaki ana asilimia mbaya kuliko kuku. Kisanduku chako cha rangi kilikuwa kinakwenda kukupunguzia mapato kila siku, na karatasi ya asilimia ingeendelea kukuonyesha kwamba mambo yanazidi kuwa mazuri.

Sasa zidisha kila kinachobaki kwa idadi inayouzwa, ujumlishe. Mimi nimepata 58,340 kwa sahani 1,000, yaani wastani wa 58 na ushei kwa kila mlaji. Huo wastani ndio mstari wako. Samaki na mbavu wako juu yake, mchuzi na tambi wako chini, kuku anakaribia kulingana na mstari wenyewe. Kwa upande wa kupendwa, Kasavana na Smith wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan waliweka kipimo mwaka 1982 ambacho bado kinatumika: sahani ikifikisha asilimia 70 ya fungu lake la haki, ihesabiwe inapendwa. Wewe una sahani tano, fungu la haki ni asilimia 20, kwa hiyo kipimo ni 14, sawa na sahani 140 katika 1,000. Samaki ana 110. Ana faida nzuri na hayuko mbali na kipimo hicho, basi huyo ndiye wa kusukumwa.

Ila nina swali moja kabla ya yote. Hiyo 69 ya samaki umeipataje? Mpishi alipima samaki kabla au baada ya kumsafisha?

Jiko_la_Kona
Baada. Tunanunua samaki wazima. Kilo 10 zikishaparuliwa magamba, zikatolewa matumbo, vichwa na miiba, zinabaki kilo 4.6 za minofu. Bei ya kilo tuliyotumia ni ya minofu hiyo. Samaki mwenyewe kwenye sahani ni 52, na 17 ni mafuta, viazi na vingine.

Daftari_la_Mpishi
Safi sana, basi namba zako zinaaminika. Wengi hupotea hapo. Ungetumia bei ya kilo ya sokoni moja kwa moja, samaki angeonekana 24 badala ya 52, sahani nzima ingekuwa 41, na ungedhani anakuachia 109. Dalili yake huwa ni hii: daftari linasema faida ipo, lakini manunuzi ya mwezi hayalingani na kilichouzwa. Rudieni kupima kila mnapobadilisha muuzaji au ukubwa wa samaki, maana samaki wadogo hupoteza sehemu kubwa zaidi.

Mara_Tatu
Sikubaliani kwamba asilimia haina kazi. Mimi iliniokoa. Ilipopanda ghafla bila bei ya soko kupanda, nilijua kuna nyama inayotoka mlango wa nyuma.

Daftari_la_Mpishi
Hapo uko sahihi, na sijasema itupwe. Kwa kulinda stoo, asilimia ni chombo kizuri: linganisha gharama iliyotakiwa kutumika na iliyotumika kweli, pengo likikua ujue kuna upotevu, vipimo vikubwa mno, au wizi. Lakini swali la mwenzetu ni mteja aelekezwe wapi, na kwa swali hilo asilimia inampeleka kubaya. Hata mara tatu yako ina kasoro hiyo: sahani ya malighafi ghali inapigwa bei ya kuwatisha watu, na ya malighafi rahisi inauzwa chini ya wanachokuwa tayari kulipa.

Mama_Asali
Mimi nina kibanda cha chai na vitafunio na nimebanwa na jambo hilohilo. Nilipunguza ukubwa wa maandazi ili gharama ishuke na wateja wakanung'unika. Wewe pia usipunguze vipande vya kuku, watu wanaona haraka.

Jiko_la_Kona
Asante dada, ila sina mpango wa kupunguza vipimo. Ninachotaka kujua ni namna ya kupanga menyu ili watu wachague samaki wenyewe bila kuwalazimisha.

Mhudumu_Zamu_ya_Jioni
Niseme kutoka ukumbini. Zipo kampuni zitakazokuuzia mchoro unaoonyesha jicho la mteja linapotua kwanza. Mwaka 2012 mtafiti Sybil Yang wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco alifuatilia macho ya wasomaji wa menyu, akakuta wanasoma kwa mpangilio, kama wanavyosoma kitabu. Kwa menyu yako ya sahani tano sioni haja ya kutafuta kona ya siri. Samaki awe wa kwanza kwenye orodha ya sahani kuu, basi.

Ninachokiona kila jioni ni safu ya bei upande wa kulia. Bei zikipangwa wima, mteja anashuka nazo kwa kidole hadi ya chini, na kwako ya chini ni tambi. Weka bei mwishoni mwa maelezo ya kila sahani, kwa herufi zilezile, bila nukta za kuunganisha. Na mwandikie samaki maelezo ya kweli: anavyopikwa, ngozi inavyokauka, kinachoandamana naye. Mistari miwili. Tambi zibaki na mstari mmoja. Kisanduku kiwe kimoja tu kwenye ukurasa, vikizidi vinauana.

Lakini karatasi haifanyi kazi peke yake. Mteja akiniuliza "leo kuna nini kizuri?", jibu langu ndilo linaloamua, na nikiwa sijawahi kumwonja huyo samaki namtaja kuku kwa usalama. Walisheni wahudumu wako.

Moto_wa_Mkaa
Mimi ni mpishi wa kuchoma, na hakuna aliyeuliza jiko linasemaje. Kama samaki na kuku wanachomwa kwenye wavu mmoja, na wavu umejaa kuanzia saa moja jioni, basi faida ya samaki ihesabiwe kwa nafasi anayokalia. Minofu inatoka haraka kuliko kuku mwenye mifupa, hiyo ni heri kwako. Mbavu ndizo zinazonikalia. Mchuzi unaoudharau kwa 54 unapikwa asubuhi na unapakuliwa kwa dakika moja. Usiku wa msongamano, mchuzi unaweza kukuingizia zaidi ya mbavu zenye 80.

Daftari_la_Mpishi
Namuunga mkono Moto. Hesabu niliyotoa inafaa pale viti vinapokuwa ndiyo kikomo chako. Kama kikomo ni jiko, gawa kinachobaki kwa dakika za wavu.

Jambo jingine Jiko: usipime mafanikio kwa idadi ya samaki waliouzwa. Angalia wametoka kwa nani. Mla mbavu akihamia samaki umepata 1 tu. Mla tambi akihamia umepata 36, ila huyo alikuja na bajeti ya 60, na 150 hataifikia kwa maelezo mazuri. Unaowalenga ni wale wa kuku na mchuzi. Kwa hiyo kila wiki chukua jumla ya kinachobaki, gawa kwa walaji. Ikipanda juu ya 58.34, menyu inafanya kazi. Samaki wakiongezeka nayo ikabaki palepale, umehamisha wateja bure.

Jiko_la_Kona
Nimeelewa. Samaki anapanda juu, tambi zinabaki bila kisanduku, bei zinaondoka kwenye safu. Kuku je? Nilitaka kumpandisha hadi 103.

Daftari_la_Mpishi
Kuku kwa 103 anaacha 61. Leo 380 zinakupa 22,040. Kwa bei mpya unaweza kupoteza walaji 18 kabla hujawa chini ya hapo, na hiyo ni kama wameondoka kabisa. Mimi ningejaribu.

Mhudumu_Zamu_ya_Jioni
Mimi nisingemgusa. Kuku ndiye sahani ambayo kila mteja anaijua bei yake na anailinganisha na mgahawa wa jirani. Akiona imepanda anadhani zote zimepanda. Pandisha mchuzi, hauna wa kulinganishwa naye.

Daftari_la_Mpishi
Hoja yako ina uzito, na namba zangu haziwezi kuijibu. Labda ajaribu mchuzi kwanza.

Mara_Tatu
Na mbavu? Hakuna aliyejibu. Sahani 60 katika 1,000, nyama ya kondoo haitumiki kwingine jikoni. Zinazoharibika kwenye friji umezihesabu ndani ya hiyo 80?

Jiko_la_Kona
Hapana, 80 ni ya sahani iliyotoka. Nitaanza kuandika kinachotupwa kuanzia kesho, kisha nirudi na namba.

Moto_wa_Mkaa
Andika na dakika za wavu kwenye daftari hilohilo.