Majivu, mchanga au stilwaya: kipi kisugulie sufuria za alumini?

MpishiWaShughuli
Wakuu, nina sufuria kubwa za alumini za kupikia maharage na pilau kwa kuni. Kijana mmoja anasugua kwa majivu, mwingine mchanga, mwingine stilwaya. Kung'aa si hoja yangu. Nauliza kipi kinaacha kitu ndani ya chakula.

Bi_Makumbi
Majivu, basi. Ni kitu cha asili, hayana kemikali. Bibi zetu walisugulia nini?

FundiBati
Bi Makumbi, shikamoo, lakini hapo nusu tu ndiyo kweli. Majivu ya kuni yana ukali uleule wa magadi, ndiyo maana yanakata mafuta. Ukali huo unaila alumini. Paka majivu mabichi ndani ya sufuria, acha usiku kucha: asubuhi utakuta mabaka meusi na vishimo vidogo ukipitisha kidole. Majivu ni ya kusugua dakika mbili tatu na kusuuza papo hapo.

Sasa swali la mpishi. Tenganisha nje na ndani. Masizi ya nje sugua utakavyo, hayagusi chakula. Ndani, alumini hujivika utando mwembamba mgumu, na ukichemshia maji mara kwa mara utando huo hunenepa ukawa wa kijivu au mweusi. Watu huuona uchafu, kumbe ndio unaopunguza alumini kuingia kwenye chakula. Pika mchuzi wa nyanya nyingi au ukwaju kwenye sufuria iliyopiga weusi, kisha mimina: itakuwa nyeupe mpaka pale mchuzi ulipofika. Ule weusi umeondoka na mchuzi.

Kwa hiyo mchanga ndani, hapana. Chembe zake ni ngumu kuliko alumini, zinachimba mistari ambayo ukoko hushika upya kila ukipika. Wa pwani ni mbaya zaidi kwa sababu ya chumvi, ambayo hutoboa vishimo.

Kaka_Jikoni
Mimi kikaango changu kile cheusi kisichoshika kimekwaruzwa na stilwaya, kinabanduka. Nitupe?

FundiBati
Hicho ni kitu kingine kabisa, kaka. Hakuna kati ya hivi vitatu kinachofaa humo. Kimeshabanduka, kistaafishe.

Dada_Usafi
Mnaisahau stilwaya. Hatari yake kubwa si kutu, ni nyuzi. Ikianza kuchakaa inakatika vipande vya nusu sentimita, vinajificha kwenye mshono wa mpini na chini ya ukingo, vinaibukia kwenye wali. Ukisuuza kwa jicho huvioni. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, ipitishe sufuria ikiwa kavu. Ukigeuza mfuko utaona nyuzi zimeng'ang'ania. Ila ile ya mizunguko inayong'aa, isiyopata kutu, huenda sumaku isiishike vizuri, kwa hiyo hapo usiiamini sumaku.

MpishiWaShughuli
Asanteni. Na maharage yakiungua chini?

Dada_Usafi
Usikimbilie kusugua. Tia maji ya vidole viwili na sabuni kidogo, chemsha dakika kumi, acha yapoe, kwangua kwa mwiko wa mti. Sehemu kubwa ya ukoko itatoka yenyewe. Mabaki, majivu yaliyochekechwa, vijiko viwili kwa kitambaa chenye unyevu, au kumbi la nazi. Yachekeche kweli: kipande cha mkaa au changarawe ndani yake ni mchanga mtupu. Na majivu ya mbao zilizopakwa rangi au ya moto uliochomewa plastiki yasiguse chombo cha chakula.

FundiBati
Ukimaliza, chemsha maji matupu humo robo saa, uyamwage, ndipo upike. Sufuria iliyotoka kusuguliwa ikawa nyeupe usiianzie na nyanya wala ndimu.

Bi_Makumbi
Marahaba. Lakini nje kabla ya kupika tulikuwa tunapaka majivu yaliyokorogwa kwa maji, masizi yanatoka kwa kitambaa tu. Hilo nalo baya?

FundiBati
Hapo nakuunga mkono, mama. Osha mara sufuria ikipoa tu.

Daktari_Mtaani
Niongeze: sehemu kubwa ya alumini unayokula hupita tumboni na kutoka na choo, na kidogo inayoingia kwenye damu, mwenye figo nzima huitoa zaidi kwa mkojo. Madai kuwa sufuria huleta usahaulifu uzeeni hayajathibitika. Mwenye figo zilizoshindwa ni habari nyingine, huyo asipikiwe vyakula vya uchachu kwenye alumini.

Kaka_Jikoni
Na hizi nzito za mafundi wa kuyeyusha vyuma chakavu? Nzito ndiyo salama, si ndiyo?

FundiBati
Uzito hauonyeshi kitu. Kama kwenye tanuri kiliingia kipande chenye risasi, sufuria itang'aa vilevile, na kukwangua ndani kunafungua sehemu mpya. Hizo tumia kwa maji ya kuoga.

MpishiWaShughuli
Nne kati ya zangu ni za hivyo. Kuna anayezipikia wali mweupe tu bila shida?

Dada_Usafi
Wali hauna uchachu, unatoa kidogo kuliko mchuzi. Ila mimi nisingepikia watoto humo.