MREJESHO: Mende kwenye nyumba ya kupanga, nani alipe?

Niliuliza: "Mende wamejaa jikoni kwangu na kwa jirani, mwenye nyumba anasema kila mpangaji ajinunulie dawa. Ni haki?"

Wakuu, asanteni sana. Nilifuata ushauri wa mitego ya gundi: mmoja chini ya sinki, mwingine nyuma ya friji, na jirani akafanya vivyo hivyo. Iliyojaa ni ile ya chini ya sinki, kwake na kwangu, pale bomba linapopita ukutani na kuacha uwazi. Mwenye nyumba alipoiona alikubali kulipia vyumba vyote vinavyotumia bomba lile. Panya na mchwa pia ni juu yake, kwa kuwa matundu na msingi ni sehemu ya jengo. Sisi tunabaki na usafi na kutoa taarifa mapema.

Fundi alipaka jeli ya chambo, vitone vidogo kwenye bawaba na pembe za makabati, akaziba uwazi wa bomba. Alitukataza kabisa kupuliza dawa ya kopo karibu na jeli, kwani mende wataikwepa. Atarudi baada ya wiki chache kuwamaliza watakaokuwa wameanguliwa. Mitego tumeiacha: ikinasa wadogo tu, bado kuna mayai yanayoanguliwa.