Korongo taji Mufindi: lenzi ya 600, au hema na lenzi ya 300?

Mkulima_Mafinga: Kamwene wakuu. Nyuma ya mashamba yetu kuna kinamasi, na korongo taji wawili wanashuka kula kila asubuhi. Nataka kuwarekodi video. Hela inatosha kitu kimoja: zumu ya 150-600 nikae ukingoni, mita 80, au hema la kujifichia nisogee mita 40 na lenzi yangu ya 300 f/4.

KakaUsangu: Chukua 600. Ukikaa mbali humsumbui ndege. Mimi Ruaha narekodi ndani ya gari, injini nimezima, hakuna anayeshtuka.

MzeeWaNyasi: Ruaha sawa, wanyama wamezoea magari. Kinamasini gari haliingii. Halafu 300 kwa mita 40 na 600 kwa mita 80, korongo anaonekana na ukubwa uleule. Tofauti ni hewa iliyo katikati. Jua likipanda hewa inatetemeka, manyoya yanakuwa kama yako chini ya maji, na hapo lenzi ndefu haikusaidii. Tena zumu nyingi za aina hiyo kwenye 600 zinaishia f/6.3. Hiyo f/4 yako inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili, na alfajiri utauhitaji.

Hema usilipeleke siku ya kurekodi. Lisimamishe mita 80, kisha kila baada ya siku mbili lisogeze mita 10, jioni, ndege wakishaondoka. Wakiinamisha vichwa na kula, wamelikubali. Wakisimama shingo juu muda mrefu, au wakianza kushukia upande wa pili, lirudishe nyuma. Ingia kabla hakujakucha, toka wakisharuka wenyewe. Na kaza kamba, maana kitambaa kinachopigwapigwa na upepo kinawashtua sana.

HarusiVideo: Mimi nina 70-200 ya ukumbini, itafaa? Na maiki ya juu ya kamera inanasa mlio wa mota ya lenzi.

MzeeWaNyasi: 200 ni fupi kwa mita 40, mdogo wangu. Maiki itoe kwenye kamera, iweke pembeni kwa waya.

Mama_Lupembe: Jamani, kuna kiota? Masika iliyopita tulisogelea kimoja. Aliyekuwa anaatamia akainuka, kunguru akashuka, yai likaenda mbele ya macho yetu. Sijarekodi kiota tena.

Mkulima_Mafinga: Dada, umenishtua. Wiki hii anashuka mmoja tu. Mwingine namwona ndani ya mafunjo, hatoki.

MzeeWaNyasi: Basi hema liache nyumbani. Wanaatamia kwa zamu karibu mwezi mzima. Subiri vifaranga watoke na wazazi wao kutafuta chakula.

KakaUsangu: Si ndiyo maana nilisema 600? Mita 80, hasogei mtu.

MzeeWaNyasi: Kwa kiota, hata hiyo 80 siiamini. Inategemea wamezoea watu kiasi gani.

Mama_Lupembe: Wanaolima hapo hupita umbali gani, naye asiinuke?

Mkulima_Mafinga: Njia ya shamba ni kama mita 120. Kesho nitapita na darubini, bila kamera.