Nimeshuka pointi 66 usiku mmoja. Nitajuaje nishapandwa na hamaki kabla sijamaliza zote?

MtotoWaNgambo
Assalaam alaykum wanabaraza. Nacheza sataranji Lichess, gemu za dakika 5 za pointi. Juzi baada ya Isha nilikaa nikiwa na 1712, nikainuka na 1646. Gemu 16: nimeshinda 2, sare 1, nimefungwa 13. Najua ile hali wenyewe wanaiita tilti, lakini nikiwa ndani yake siioni. Kila gemu naona "hii ndo ya kurudisha". Naomba utaratibu wa kufuata, si pole.

Kipepeo_Mkoani
Dawa ni moja tu: usilale umefungwa. Cheza mpaka ushinde moja, funga simu, kalale. Kichwa kinabaki na ladha ya ushindi.

BandoLimeisha
Hapo tatizo ni mtandao. Mie kwenye mpira wa simu nilikuwa nafungwa kila usiku, nilipohamia kule kwenye mnara karibu na Darajani nikapanda madaraja mawili. Angalia laini yako kwanza.

MzeeWaKete
Yakhe BandoLimeisha, mtandao mbovu ungemuangusha kwa saa kuisha. Hebu atuambie kwanza alifungwaje. MtotoWaNgambo, shusha gemu zako uangalie saa ilipoanza kila moja:

```
https://lichess.org/api/games/user/JINA?max=16&clocks=true
```

Weka jina lako hapo kwenye JINA. Halafu tuambie na saa yako ilikuwa imebakia kiasi gani ulipokuwa unafungwa.

MtotoWaNgambo
Gemu 6 za mwanzo zinapishana dakika 12 hivi. Za baadaye ziko hivi:

```
[UTCTime "20:17:15"]
[UTCTime "20:21:40"]
[UTCTime "20:26:02"]
```

Zote 10 za mwisho ni hivyo hivyo, na zote nimefungwa. Saa inabaki dakika 3, mara 3 na nusu. Hakuna hata moja iliyoniishia.

MzeeWaKete
Basi jibu unalo mkononi. Saa hizo ongeza 3 upate za kwetu: 20:17 ni saa 5 na dakika 17 usiku. Hapo ndipo ulipovunjika, si saa 6 ulipoinuka.

Skiza, kufungwa peke yake si dalili. Mchezaji anayekutana na wa kiwango chake atafungwa mara mbili mfululizo mara nyingi tu, mara moja katika kila nne. Kumi mfululizo kwa bahati tupu ni mara moja katika 1,024, kwa hiyo hapo si bahati. Lakini ukingoja kumi zitimie ushachelewa. Dalili inayowahi ni saa. Gemu ya dakika 5 ukifungwa nawe una dakika 3 na nusu, maana yake umetumia dakika moja na nusu kwa gemu nzima. Hukushindwa kufikiri, hukufikiri. Na zikianza kila baada ya dakika 4, baina ya gemu na gemu hakuna pumzi hata ya kumeza funda la kahawa.

Hatari yenyewe haiko ubaoni. Iko pale gemu inapokwisha na vifungo vya `Rematch` na `New opponent` viko chini ya kidole. Kwa hiyo utaratibu unaingia hapo hapo:

Weka karatasi na kalamu pembeni kabla hujaanza, uandike idadi ya gemu za leo. Sita zinatosha. Kila ukifungwa, usiguse vifungo hivyo. Fungua ubao wa uchambuzi, tafuta hatua moja tu gemu ilipogeuka, uiandike kwa mstari mmoja: "hatua ya 17, nimekula kete, farasi akapata njia ya kumshika malkia". Pembeni yake andika saa iliyobaki. Ukishaandika, ndipo ucheze nyengine.

Siri ya karatasi si kujifunza. Ni kipimo. Siku uko sawa, mstari ule unauandika kwa dakika moja. Siku umepandwa, utaona uvivu, utasema "hii naijua, nilikosea kidogo tu". Ukijisikia hivyo tu, umeshajijibu: siku hiyo imekwisha. Hata kama umefungwa moja.

Mbili mfululizo na saa imebaki zaidi ya nusu: acha simu chumbani, toka nje dakika 15. Ukifungwa ya tatu, funga mpaka kesho. Hili hulijadili usiku ule, maana anayejadili usiku ule ni yule mwenye hamaki.

Na Kipepeo, nia yako njema, ila hiyo "mpaka ushinde moja" ndiyo iliyomkalisha mpaka saa 6. Ni sharti lisilo na mwisho, na kila akifungwa linamkaza zaidi.

Kipepeo_Mkoani
Sawa mzee, hiyo ya kukaa bila mwisho nimekubali. Lakini kulala na hasira nako si dawa. Acheze ile `Casual` isiyo na pointi.

MzeeWaKete
Hiyo nusu yake kweli. Pointi zinabaki, lakini mkono unazidi kuzoea kucheza bila kufikiri, na kesho mkono ni ule ule.

Jicho_la_Tembo
Mnamzungusha. Kumi mfululizo? Wale wanatumia injini, kompyuta inawachagulia hatua. Usiku wamejaa.

NuruWete
Wapo, na Lichess ikimkamata mmoja, pointi ulizopoteza kwake hurudishwa mara nyingi. Lakini wote kumi? Na mtu aliyefungwa na dakika 3 mkononi hahitaji injini kumfunga. Kaka, ukianza kuona kila mtu anadanganya, hiyo nayo iandike kwenye karatasi ya mzee kama dalili.

Niongeze hesabu. Gemu moja kwa mtu wa kiwango chako ni kama pointi 6. Kurudisha 66 unataka ushindi 11 zaidi ya kufungwa. Ukiwa unashinda 55 katika 100, ziada yako ni 10 kwa gemu 100. Basi 11 ni gemu 110. Kwa sita kwa siku, ni siku 18 au 19. Usiku mmoja haiwezekani hata ukiwa mzima, ila habari njema ni kwamba kama 1712 ndicho kiwango chako kweli, hao wa 1646 utawashinda zaidi ya nusu bila kulazimisha.

Mie ningeficha pointi kabisa. Kwenye mapendeleo kuna `Show player ratings`, weka `No`. Gemu zinahesabiwa, ila pointi huzioni.

MzeeWaKete
Hapo sikubaliani nawe, bibie. Aliyezificha hushindwa kujua pa kusimama, na wengine hukaa wanazikisia, ikawa mbaya zaidi.

NuruWete
Pa kusimama si umempa karatasi? Pointi za nini tena.

MtotoWaNgambo
Nitajaribu kuzificha wiki mbili, halafu niamue. Jana nimeandika karatasi: gemu ya pili hatua ya 23, saa imebaki 3:10. Nikasimama hapo hapo. Suali jengine: kwenye mashindano ya arena gemu zinakuja zenyewe, sasa mstari nitauandika saa ngapi?

MzeeWaKete
Bonyeza `Pause`, hutopangiwa mtu mpaka urudi mwenyewe. Utapoteza nafasi ya pointi za shindano, ndiyo. Na ukiwa umetoka kufungwa usiguse `Berserk`, inakukata nusu ya saa, na saa ndiyo hiyo tayari hutumii.

BandoLimeisha
Ila laini nayo angalia.