Rifandi ya VAT ya mauzo ya nje: walipe kwanza wakague baadaye, au ikae mpaka ushahidi utimie?

Msabuni: Nimeuza nje kontena tatu za sabuni, ankara moja, tani 54. Rifandi yote imeshikiliwa "kwa ukaguzi" mwezi wa tano huu, eti nithibitishe mzigo ulitoka nchini. Tamko la forodha ninalo, mnunuzi kalipa kupitia benki. Wanataka nini tena? Si walipe kwanza wakague baadaye?

Kaka Ankara: Hapo ni uonevu. Mauzo ya nje yana msamaha wa kodi, sasa wanakagua nini?

Mama Shehena: Kaka hapo umechanganya. Ingekuwa msamaha asingerudishiwa kitu, kodi aliyolipa kwenye malighafi na katoni ingebaki kuwa hasara yake. Mauzo ya nje yanatozwa kwa kiwango cha sifuri, ndo maana anadai. Msabuni, tamko linasema ulichokusudia kupeleka, na benki inasema kuna mtu kalipa, lakini hakuna hata moja inayosema mzigo umevuka. Wapo wanaovusha karatasi tu, mzigo wanauzia hapa hapa kimyakimya halafu wanadai na rifandi juu. Angalia kwenye mfumo wa forodha tamko lako limeishia kwenye kuruhusiwa au limefika kwenye kuthibitishwa kutoka. Na hati ya shehena imeandikwa mzigo umepokelewa au umepakiwa melini, na tarehe? Kupokelewa maana yake uko mikononi mwa mwenye meli tu, unaweza ukawa bado umekaa yadi.

Fundi Mbao: Mi yangu yamenikuta hayo hayo, niliuzia mfanyabiashara palepale getini kwangu, akasafirisha mwenyewe, sasa nanyimwa rifandi. Nidai vipi?

Mama Shehena: Yako ni kesi nyingine mdogo wangu. Tamko lina jina lake, kwa forodha msafirishaji ni yeye. Bila nakala ya hilo tamko na mkataba unaotaja mzigo wenyewe sioni utashika wapi, na kuna sheria hata hivyo hazikubali.

Msabuni: Nimerudi. Nimepata hati mbili za shehena!! Kontena mbili zimepakiwa tarehe 29, ya tatu ikaachwa meli ilijaa, ikaondoka tarehe 6 mwezi uliofuata na wakala wangu hakuniambia kitu, mimi nimedai zote tatu mwezi mmoja.

Mama Shehena: Basi ndo penyewe. Odita anaona ankara ya tani 54 na hati ya shehena ya kontena mbili. Tengeneza jedwali, kila kontena mstari wake: namba ya kontena, namba ya sili, namba ya tamko, hati ya shehena, tarehe ya kutoka, na sehemu yake ya malipo ya benki. Uzito nao uandike wa aina tatu maana hapo ndipo watu wanakwama. Sabuni tupu tani 18, pamoja na katoni na paleti tuseme 18.9, na ule uliohakikiwa kabla ya kupakia melini unajumlisha na kontena lenyewe, kama tani 2.2 hivi, unafika 21.1. Kwa kontena tatu utakuwa na 54, 56.7 na 63.3, mzigo ni ule ule, lakini usipoeleza unaonekana muongo. Hiyo ya tarehe 6 uliza sheria yenu inafuata tarehe ya ankara au ya kutoka, huenda ikabidi uihamishie mwezi wake.

Odita Mstaafu: Nimekaa upande wa pili wa meza. Ukilipa kwanza, siku ya kukagua unakuta ofisi imefungwa na kampuni haina hata kiti cha kukamata. Ila kushikilia yote kwa sababu ya kontena moja sikubaliani nako, hizo mbili zenye ushahidi zilipwe, ya tatu isubiri.

Kaka Ankara: Si waweke dhamana ya benki basi, walipwe siku hiyo hiyo?

Odita Mstaafu: Mkubwa ataiweka. Mdogo benki itamwambia aweke hela ile ile ambayo hana, na ada juu.

Kaka Ankara: Kwa hiyo mdogo asubiri tu afe njaa? Mzee hapo hujajibu.

Msabuni: Jamani najaza jedwali hapa, kontena ya tatu kwenye ankara ina herufi nne na tarakimu sita.

Mama Shehena: Zinatakiwa saba, ya mwisho ni ya kuhakiki. Kaisome kwenye hati ya shehena, usikisie. Halafu ankara usiifute kwa mkono, andika barua ya masahihisho uambatanishe.

Msabuni: Na kwenye tamko wakala kaandika hiyo hiyo ya tarakimu sita 🤦🏾 nampigia sasa hivi.